Kredo na bando za wafanyakazi: posho, kurudishiwa kwa risiti, au laini ya kazi?

Mwenye duka la pembejeo hapa Kisumu aliniletea bahasha mwezi mmoja, akaniuliza swali ambalo nimelisikia pia Kakamega na Nakuru: "Huyu dada yangu wa mauzo analeta meseji za kredo kila mwezi. Nyingine ni za kazi, nyingine sijui ni za nini. Nilipe ngapi?"

Dada mwenyewe anazunguka Ahero, Awasi hadi Muhoroni. Anapigia wakulima na wenye maduka, anatuma oda kwa simu, anapiga picha za rafu na kuzituma WhatsApp. Simu ni yake, laini ni yake. Kazi na nyumbani vinakula bando moja.

Njia za kulimaliza jambo hili ni tatu. Ya kwanza ni posho ya mwezi inayoingia kwenye mshahara. Ya pili ni mfanyakazi kununua mwenyewe, alete risiti, arudishiwe sehemu ya kazi. Ya tatu ni laini ya kazi inayowekewa kredo na ofisi. Nazipima zote kwa maswali manne: ugawaji wa kazi na binafsi unafanyika vipi, ushahidi unaobaki kwenye faili ni upi, kodi inasemaje, na ni nani anayebeba uzito, iwe wa pesa, wa muda au wa siri zake.

Naanza na ya pili kwa sababu ndiyo inayoonyesha pesa zinaenda wapi hasa. Hata ukiishia kuchagua nyingine, fanya hesabu hii mara moja.

Kurudishiwa kwa risiti

*Ugawaji.* Bahasha ile ilikuwa na meseji 27 za mwezi mmoja, jumla shilingi 2,637. Kabla ya kuuliza asilimia ngapi ni ya kazi, lazima uondoe zile ambazo si matumizi mapya au si za kazi kabisa.

Kwanza, meseji mbili za pesa moja. Mtu ananunua kredo kwa M-Pesa, anapata meseji. Kisha anapiga `*544#` na kununua bando kwa kutumia kredo ileile, anapata meseji nyingine. Pesa iliyotoka mfukoni ni moja. Dada alikuwa na meseji nne za namna hii, kila moja shilingi 99, jumla 396. Hakuwa anaiba. Alikusanya kila meseji iliyotaja bando, kama alivyoambiwa. Kuzitambua ni rahisi: meseji ya M-Pesa ina nambari ya muamala ya herufi na tarakimu kumi mwanzoni, na ile ya bando iliyokatwa kwenye kredo haina. Weka kanuni kwamba isiyo na nambari ya M-Pesa haihesabiwi. Tukabaki na 2,241.

Pili, kredo ya nambari nyingine. Isome meseji hadi mwisho. Ikisema

```
You bought Ksh50.00 of airtime for 2547...
```

hiyo imeenda kwa mtu mwingine. Zilikuwa tatu za hamsini, kwa mtoto aliye chuo. Zikaondoka 150, zikabaki 2,091.

Tatu, Okoa Jahazi. Ukikopa kredo ya 100 unapata 90, kwa kuwa ada ya asilimia kumi inakatwa mwanzoni, na deni la 100 linajilipa pindi tu unapoweka kredo. Dada aliweka 200, na 100 ikamezwa na deni alilokopa Jumamosi usiku kwa mambo ya nyumbani. Meseji ya M-Pesa inasema 200 na iko sahihi, ila iliyofika kazini ni 100. Zikabaki 1,991. Kama deni lenyewe lilikopwa mchana wa kazi ili kumpigia mteja, ningeliacha.

Nne, bando za siku zilizonunuliwa siku ya mapumziko. Jumapili tatu asubuhi, 99 kila moja, jumla 297. Ya nne ilinunuliwa Jumapili saa mbili usiku na ilikuwa ya saa 24, kwa hiyo ilifanya kazi Jumatatu mchana kutwa. Hiyo niliiacha. Tazama saa ya kununua pamoja na muda wa bando. Bando inayokufa usiku wa manane na ile ya saa 24 ni vitu viwili tofauti.

Zikabaki 1,694: kredo ya kupiga simu 704, na bando 990. Hapa sasa ndipo asilimia inaingia.

Kwa simu, tulikaa na orodha ya simu zilizopigwa kwenye simu yake na orodha ya wateja ya duka. Dakika za wateja na ofisi zilikuwa karibu asilimia 70. Kwa data, simu za Android zinaonyesha kila programu imekula kiasi gani, chini ya mipangilio ya mtandao, na unaweza kuuanzisha mzunguko tarehe mosi ili ulingane na mwezi wa mshahara. Ilionyesha GB 6. Programu ya oda, ramani na barua pepe zilikula 1.9. WhatsApp ilikula 1.6, tukaigawa katikati. Zilizobaki 2.5 zilikuwa video. Kwa hiyo kazi ilikuwa 2.7 kati ya 6, yaani asilimia 45.

Hapo dada akanisimamisha. "Ndugu, bando ya siku naichukua saa moja asubuhi kwa sababu oda lazima ziende. Video napandisha tu juu yake jioni. Kama si kazi, ningenunua mara mbili kwa wiki."

Alikuwa na haki. Kupima kwa megabaiti kunaipendelea video, kwa sababu oda moja ni ndogo sana ilhali ndiyo iliyomlazimu kununua. Tukakubaliana asilimia 60 ya data kwa kazi, mwenye duka akatia saini, na tukapanga kupima tena baada ya miezi sita. Hesabu ikawa 492.80 za simu na 594 za data, jumla shilingi 1,086.80. Bahasha ilidai 2,637.

Sishauri upimaji huu kila mwezi. Pima mwezi mmoja wa kawaida, usio na likizo wala msimu wa kupanda ambapo simu hazikatiki, kisha tumia asilimia ileile hadi mtakapopima tena. Kila mwezi unabaki na zile hatua nne za kuondoa tu.

*Ushahidi.* Meseji iliyotumwa mbele inaweza kuhaririwa, na picha ya skrini inaweza kukatwa ukingoni au kuletwa mara mbili kwa miezi tofauti. Kinga yake ni kuandika nambari ya muamala kwenye safu yake peke yake na kuacha jedwali likuonyeshe marudio. Kama nambari ziko safu ya C, weka hii pembeni uiburute hadi chini:

```
=COUNTIF(C:C,C2)
```

Ikitoa zaidi ya 1, nambari hiyo imeandikwa zaidi ya mara moja. Jedwali liwe moja kwa mwaka mzima, maana ukifungua jipya kila mwezi marudio ya mwezi uliopita hayaonekani.

Wapo wenye biashara wanaodai stetimenti nzima ya M-Pesa. Kusema kweli hilo silikubali. Stetimenti inaonyesha sadaka, karo, deni la chama, dawa alizonunua mtu. Kukagua kredo hakuhitaji hayo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji. Ukishuku meseji, mwombe akuonyeshe ile yenyewe kwenye simu yake, mbele yako.

*Kodi.* Anachorudishiwa mfanyakazi kwa gharama ya kazi si mapato yake, hakikatwi PAYE. Ukimlipa pia sehemu ya binafsi, hiyo sehemu ni malipo kama mshahara. Ndiyo maana karatasi ya ugawaji ikae kwenye faili pamoja na risiti.

Kuna tundu upande wa biashara. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hairuhusiwi kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa, mishahara ikiwemo. Meseji ya M-Pesa inathibitisha pesa ilitoka, lakini si ankara ya kodi, wala haina PIN ya biashara yako. KRA wakikagua wanaweza kuikataa gharama yote. Hili linamgusa anayelipa kodi kwa faida. Biashara iliyo kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, ile ya mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, haipunguzi gharama yoyote, hivyo kwake tundu hili halina uzito.

*Mzigo.* Mfanyakazi ndiye anayetangulia kulipa. Shilingi elfu moja inayosubiri tarehe 5 si kidogo kwa mtu wa mshahara wa kati, na mara nyingi ndiyo inayomsukuma kwenye Okoa Jahazi. Ofisini, bahasha moja ilinila karibu saa nzima mwezi wa kwanza na dakika kumi na tano baadaye. Watu kumi na watano ni jambo jingine.

Njia hii inafaa kwa wachache ambao matumizi yao yanapanda na kushuka, na kwa mwenye biashara asiyejua bado kazi inakula kiasi gani.

Posho ya mwezi

*Ugawaji.* Haupo. Unatoa kiasi, mtu anatumia apendavyo, hakuna anayeuliza kuhusu Jumapili. Huo ndio utamu wake.

*Ushahidi.* Hati ya mshahara inatosha. Hakuna risiti za kukusanya, na kwa kuwa ni sehemu ya mshahara, suala la eTIMS haliingii.

*Kodi.* Hapa ndipo watu wengi hawatazami. Posho ya pesa taslimu inatozwa kodi yote, hata kama kila shilingi iliishia kwa wateja. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa 32,000 anayeongezewa posho ya 1,500, kwa viwango vya 2025. NSSF ya asilimia 6 inachukua 90, SHIF ya asilimia 2.75 inachukua 41.25, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unachukua 22.50, na PAYE kwenye ngazi yake ya asilimia 25 inachukua takriban 336.50. Kinachomfikia ni kama 1,010.

Sasa rudi kwa dada wa Ahero. Kazi yake ilikula 1,087. Akipewa posho ya 1,500 na kukatwa hivyo, anaongeza karibu shilingi 77 za mfukoni kila mwezi ili duka la bosi wake liuze, na bosi anaamini anamlipa kwa ukarimu. Ili imfikie 1,087, posho ingebidi iwe kama 1,615, na mwajiri aongeze mchango wake wa NSSF na ushuru wa nyumba juu yake, jumla karibu 1,736.

Wapo wanaoikwepa hesabu hii kwa kutuma 1,500 kwa M-Pesa kila tarehe mosi na kuiandika "kredo" kwenye daftari la pesa ndogo. Kiasi kisichobadilika, kisicho na risiti, kinachotoka kila mwezi ni posho, hata ukiandika jina gani. Mkaguzi akiona 1,500 kumi na mbili mfululizo atadai PAYE yake pamoja na adhabu.

*Mzigo.* Ofisi inapumzika kabisa. Mfanyakazi hafichui chochote. Ila mwezi wa kazi nyingi ukija, anayebeba ongezeko ni yeye.

Inafaa pale matumizi yanapofanana mwezi hadi mwezi, watu ni wengi, na mwenye biashara yuko tayari kuweka kiasi kinachotosha baada ya makato.

Laini ya kazi

*Ugawaji.* Unafanyika kabla ya kununua. Laini ya pili inaingia kwenye simu ya laini mbili, wateja wanapewa nambari hiyo, ofisi inaiwekea kredo. Anayetaka kutazama video anatumia laini yake. Kwa simu zinazopigwa, hufanya kazi vizuri sana. Kwa data kunahitaji uangalifu, kwa sababu simu hutumia data ya laini moja kwa wakati, na mtu akisahau kubadilisha jioni, video zinakula bando ya kazi. Utalijua hilo bando ya wiki inapoisha Jumatano. Afadhali bando ndogo za mara kwa mara kuliko moja kubwa ya mwezi.

Jambo jingine ni Sambaza. Kredo iliyotumwa kutoka laini ya kazi kwenda laini nyingine haiachi alama yoyote kwenye M-Pesa ya ofisi. Ukitaka kuizuia, nunua bando ya data na ya dakika moja kwa moja kwa nambari ile, usiache kredo tupu.

*Ushahidi.* Ununuzi wote uko kwenye simu moja ya ofisi au akaunti moja ya biashara, na kila meseji inataja nambari iliyowekewa. Hakuna bahasha. Ukiwa na akaunti ya malipo ya baadaye iliyosajiliwa kwa jina la biashara, unapata ankara yenye PIN yako, na lile tundu la eTIMS linazibika. Hili lithibitishe na mtoa huduma kabla ya kusajili laini, siyo baada.

*Kodi.* Mwongozo wa KRA kwa waajiri unachukua asilimia 30 ya gharama ya simu inayolipwa na mwajiri kuwa ni manufaa ya mfanyakazi, yaani sehemu ya binafsi imekadiriwa tayari. Laini ikigharimu 1,500, manufaa ni 450. Tangu mwisho wa Desemba 2024, manufaa yasiyo ya pesa taslimu yasiyozidi 5,000 kwa mwezi kwa jumla hayatozwi kodi. Mfanyakazi asiye na nyumba ya kampuni wala gari la kampuni atabaki chini ya kiwango hicho bila shida. Ana vitu vingine? Jumlisha vyote.

*Mzigo.* Mfanyakazi hatoi pesa yake, na ofisi haimuulizi lolote la binafsi. Akiondoka, nambari na wateja vinabaki dukani, na kwa biashara ya mauzo hilo peke yake lina thamani kubwa kuliko kredo. Upande wa pili, lazima mtu fulani ofisini awe macho. Mfanyakazi aliyekwama Muhoroni bila bando huku anayeweka kredo hapokei simu atanunua kwa pesa yake, na hapo umerudi kwenye risiti. Pia usilazimishe mtandao mmoja kwa wote. Uliza anayezunguka ni upi unaoshika huko anakokwenda. Kwa wanaofika Busia, mfundishe kuchagua mtandao kwa mkono na kuzima data ya nje ya nchi, maana karibu na mpaka simu hudaka minara ya Uganda yenyewe na salio linayeyuka.

Inafaa kwa wanaopigia wateja kutwa nzima, na kwa simu zenye nafasi ya laini mbili.

Kulingana na ulipo

Kama una mtu mmoja hadi watano na hujui kazi inakula kiasi gani, anza na risiti kwa mwezi mmoja wa kawaida, fanya zile hatua nne, mkubaliane asilimia kwa maandishi. Kiasi utakachokipata ndicho utakachokitumia kuamua posho au bajeti ya laini. Kama mfanyakazi hawezi kutangulia kulipa, mpe 500 tarehe mosi kama masurufu, kisha ilinganishe na risiti mwisho wa mwezi.

Kama uko kwenye kodi ya mauzo, kurudishiwa kwa risiti hakukupotezei chochote kwa ajili ya eTIMS. Kama unalipa kodi kwa faida na jumla ya kredo ya ofisi yako imekuwa kubwa, laini yenye ankara ya jina la biashara itakupa utulivu zaidi.

Kama wafanyakazi wako wanakaa ofisini penye Wi-Fi na wanapiga simu mbili tatu kwa siku, posho ndogo kwenye mshahara inatosha, mradi uihesabu kuanzia kinachomfikia mkononi.

Mwenye duka la pembejeo alichagua mchanganyiko. Dada alipata laini ya kazi yenye dakika za kupigia wateja, na data akabaki anarudishiwa asilimia 60 ya bando za siku za kazi, zenye nambari ya M-Pesa, kila Ijumaa badala ya mwisho wa mwezi. Bahasha ya mwezi uliofuata ilikuwa na meseji tisa, na zote tisa zililipwa.